Unameza aspirini ndogo kila siku? Hatua kwa hatua za kulinda tumbo lisivuje damu

Mimi ni mfamasia, kazi yangu iko nyuma ya dirisha la duka la dawa mjini Tanga. Karibu kila wiki huja mtu anayemeza aspirini ndogo, ile ambayo wengi wanaiita dawa ya kulainisha damu, akaniomba "kitu cha tumbo". Nikimuuliza dawa ya asidi anaitumiaje, majibu ni yale yale: naimeza tumbo likiwaka, naimeza baada ya kula, niliacha maana sisikii maumivu. Wengine wanajibu kwamba aspirini yao ina ganda, kwa hiyo tumbo liko salama. Majibu yote manne yana kosa, na makosa hayo yamewafikisha watu ninaowajua kwenye chupa za damu hospitalini.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeandikiwa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo au kiharusi, au wa mwanawe anayemwangalia. Mjamzito aliyepewa aspirini ya kuzuia kifafa cha mimba ana utaratibu wake na afuate kliniki yake.

## Vitu vya kuweka mezani kabla ya kuanza

Pakiti ya aspirini yako. Soma uzito wake. Dozi ndogo ni miligramu 75, 81 au 100. Kidonge cha miligramu 300 kinachouzwa kwa maumivu ya kichwa ni kitu kingine, hata kama jina ni lile lile.

Dawa nyingine zote unazotumia, ndani ya mfuko mmoja. Nina maana zote: za presha, za kisukari, za magoti, za mafua, za unga ulizonunua sokoni, na zile ulizoazima kwa jirani.

Cheti au kadi ya kliniki inayosema kwa nini ulianzishiwa aspirini.

Jibu la picha kamili ya damu, hasa namba ya hemoglobini. Kama hujawahi kupima tangu uanze aspirini, pima wiki hii. Namba hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo siku ukijisikia huna nguvu. Bila ya kulinganisha, hemoglobini ya 10 haituambii kama ndivyo ulivyo siku zote au umeshuka kutoka 13.

Dawa ya asidi usinunue bado. Hatua ya 2 ndiyo itakayokuambia kama unaihitaji.

## Hatua ya 1: Jua aspirini hii unaimezea nini

Kuna makundi mawili. La kwanza ni waliokwisha kupata tatizo: mshtuko wa moyo, kiharusi cha mshipa kuziba, upasuaji wa mishipa ya moyo, au waliowekewa stenti, kile kibomba cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe. Kwa hawa faida ya aspirini ni kubwa kuliko hatari ya kuvuja damu, na kazi yetu ni kulinda tumbo ili waendelee kuimeza.

Kundi la pili ni wasiowahi kupata lolote, ila wameambiwa umri umekwenda waanze "kulainisha damu". Hapa mambo yamebadilika. Utafiti wa ASPREE, uliotoa majibu mwaka 2018, ulifuatilia wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea. Aspirini ya miligramu 100 kila siku haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, lakini iliongeza kuvuja damu kwingi. Tangu mwaka 2022 jopo la kitaifa la Marekani la huduma za kinga linashauri asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi asianzishiwe aspirini ya kinga akishafika miaka 60.

Kwa hiyo ukiwa kundi la pili, kinga bora ya tumbo lako inaweza kuwa kuachana na aspirini yenyewe. Nenda kwa daktari, muulize waziwazi: "Mimi sijawahi kupata kiharusi wala shida ya moyo, naihitaji hii?"

Onyo. Ukiwa kundi la kwanza usiache mwenyewe, hata siku mbili, na aliyewekewa stenti ndiye wa kwanza kusikia hili. Aspirini ikikatwa ghafla mshipa unaweza kuziba. Na kama kiharusi chako kilikuwa cha kuvuja damu kichwani, si cha kuziba, aspirini ya jirani usiiguse.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nameza aspirini miligramu 75 kwa sababu mwaka fulani nilipata hiki."

## Hatua ya 2: Pima kama unahitaji dawa ya asidi

Tuelewane kwanza aspirini inaliumizaje tumbo, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo.

Ukuta wa tumbo una utelezi unaoukinga na asidi yake. Utelezi huo, pamoja na damu inayolisha ukuta, unategemea kemikali ambazo mwili hutengeneza kila saa. Aspirini inazuia kemikali hizo. Wakati huohuo inazifunga chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, na kila chembe iliyofungwa haifunguki tena mpaka ife yenyewe baada ya siku 7 hadi 10. Basi ukuta unadhoofika, asidi inachimba kidonda, na kidonda kikifika kwenye mshipa damu haigandi upesi.

Jambo hili linafanyika kupitia damu. Ndiyo maana aspirini yenye ganda haikuokoi. Ganda linazuia kidonge kisiyeyukie tumboni, na huenda kiungulia kikapungua, lakini kikishaingia kwenye damu kinafanya kazi ile ile kwenye ukuta ule ule. Kumeza na chakula nako ni hivyo: kunapunguza kichefuchefu, hakuzuii kidonda.

Sasa jipime. Utaratibu ninaoufuata ni ule uliokubaliwa mwaka 2008 na vyama vya Marekani vya madaktari wa moyo na wa tumbo, kwa kuwa ni rahisi kuukumbuka.

Unahitaji dawa ya asidi kila siku ukiwa na hata kimoja kati ya hivi:

- uliwahi kupata kidonda cha tumbo kilichothibitishwa, au kutapika damu, au choo cheusi cha damu;
- unameza aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine inayozifunga chembe sahani, kama wanavyofanya wengi waliowekewa stenti;
- unameza aspirini pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini au rivaroksabani.

Kama huna hata kimoja, angalia hivi vingine. Ukiwa navyo viwili, unaihitaji pia: umri wa miaka 60 au zaidi, unatumia predinisoloni au dawa nyingine ya jamii ya steroidi, una kiungulia au maumivu ya chembe ya moyo yanayorudirudi.

Naongeza mambo mawili. Anayetumia aspirini na bado hawezi kuepuka dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, namhesabu moja kwa moja pamoja na wa orodha ile ya kwanza, wanaohitaji dawa ya asidi kila siku. Na mzee wa miaka 75 na kuendelea namshauri azungumze na daktari juu ya dawa ya asidi hata kama hana kingine chochote. Utafiti wa Oxford wa mwaka 2017, uliowafuatilia watu waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba katika umri huo tumbo likivuja, mara nyingi mgonjwa hufa au hubaki hajiwezi. Watafiti wale walihesabu kwamba wakipewa dawa ya asidi kwa miaka mitano wazee wa umri huo wapatao 25, mmoja ataepushwa na kuvuja damu kwingi. Katika dawa za kinga hiyo ni faida kubwa.

Kijana wa miaka 48 aliyepata mshtuko wa moyo, anayemeza aspirini peke yake na hajawahi kuumwa tumbo, hana haja ya dawa ya asidi. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaouziwa bila sababu.

## Hatua ya 3: Chagua dawa inayolinda kweli

Dukani kuna namna tatu za dawa za asidi, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni zile za kutafuna na za maji meupe, zenye magnesiamu au alumini. Zinazima asidi iliyopo kwa muda mfupi tu. Hazizuii kidonda cha aspirini. Mtu anayezitafuna kila siku akidhani amejikinga ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa sababu zinanyamazisha dalili na kidonda kinaendelea.

Ya pili ni famotidini. Miligramu 20 mara mbili kwa siku inapunguza vidonda kwa anayemeza aspirini ndogo, na ni akiba nzuri kwa asiyepatana na zile za namna ya tatu. Kwa aliyewahi kuvuja damu si chaguo la kwanza. Ranitidini, nduguye wa zamani, iliondolewa madukani katika nchi nyingi kuanzia 2019 na 2020 kwa sababu ya uchafu wa kemikali unaohofiwa kuleta saratani. Ukiwa na vidonge vyake kabatini visirudi mezani.

Ya tatu ni omeprazoli na ndugu zake: pantoprazoli, lansoprazoli, esomeprazoli, rabeprazoli. Hizi ndizo kinga yenyewe. Dozi ya kawaida ya kinga ni omeprazoli miligramu 20 mara moja kwa siku. Mbili kwa siku ni kwa anayetibiwa kidonda, kwa maelekezo ya daktari.

Onyo kwa anayemeza klopidogreli. Usichukue omeprazoli wala esomeprazoli. Klopidogreli inahitaji kuamshwa na ini kabla haijafanya kazi, na dawa hizo mbili zinaizuia isiamke. Omba pantoprazoli. Kwa anayemeza aspirini peke yake tatizo hili halipo.

## Hatua ya 4: Meza kwa saa yake

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo ninapotumia muda mrefu dirishani.

Omeprazoli haizimi asidi iliyokwisha kutoka. Inafunga pampu ndogo zinazoitoa asidi ndani ya ukuta wa tumbo, na inaweza kufunga tu zile zilizoamka. Pampu zinaamka unapokula. Dawa yenyewe inakaa kwenye damu saa chache tu. Ukiimeza nusu saa kabla ya chakula, inafika kwenye pampu wakati zinaamka. Ukiimeza baada ya kula, au usiku wa manane ukiwa na njaa, inapita pampu nyingi zikiwa zimelala na sehemu kubwa ya kidonge inapotea bure.

Ratiba ninayoandika nyuma ya pakiti ni hii:

1. Saa 12:30 asubuhi, kapsuli moja ya omeprazoli na maji, tumbo likiwa tupu. Usiifungue wala kuitafuna. Punje zilizo ndani zina ganda lake, na zikisagwa zinaharibiwa na asidi kabla hazijafika.
2. Saa 1:00, chakula. Uji mzito, chapati na maharage, mihogo, chochote kinachoshibisha. Chai ya rangi peke yake haitoshi.
3. Ukimaliza kula, aspirini na glasi nzima ya maji.

Kinga haikamiliki siku ya kwanza. Inachukua siku 3 hadi 5 hivi, kwa sababu kila siku inafunga kundi jingine la pampu. Kwa hiyo kumeza siku tumbo linapowaka, kisha kuacha wiki nzima, ni sawa na kutokuwa na kinga.

Wanaofunga Ramadhani wananiuliza sana. Adhana ya Magharibi ikilia, meza omeprazoli kwa maji na tende moja au mbili, nenda ukasali, kisha rudi kwenye futari. Ile nafasi ya swala ndiyo nusu saa yetu. Aspirini imeze baada ya kushiba. Ila mwenye kidonda kibichi, au aliyevuja damu miezi michache iliyopita, aongee na daktari kabla ya kufunga.

Umefaulu ikiwa mwisho wa mwezi kapsuli za omeprazoli na vidonge vya aspirini vimekwisha kwa idadi moja. Mimi huwaomba watu waniletee pakiti tupu. Aspirini zikiwa zimeisha na omeprazoli zimebaki 19, najua alikuwa anasubiri maumivu.

Wengine wanaogopa kwamba omeprazoli ya muda mrefu inaleta madhara. Yapo: magnesiamu na vitamini B12 vinaweza kushuka kwa anayeitumia miaka mingi, na ndiyo sababu nasisitiza asiyeihitaji asipewe. Lakini kwa aliyepita kwenye kipimo cha hatua ya 2, kidonda kinachovuja kina uzito zaidi kuliko madhara hayo. Kila mwaka mkumbushe daktari akuangalie kama sababu bado ipo.

## Hatua ya 5: Fungua ule mfuko wa dawa

Sasa mwaga dawa zako zote mezani. Unatafuta vitu viwili.

Kwanza, aspirini iliyojificha. Vidonge vingi vya kichwa na mafua vimechanganywa, na ndani mna aspirini ya mamia ya miligramu. Kwenye pakiti inaweza kuandikwa kwa jina lake la kikemia, asidi asetilisalisiliki, au kwa herufi ASA tu. Mtu anayemeza 75 asubuhi kwa uangalifu, halafu jioni anachukua vidonge viwili vya kichwa kwa Mangi wa dukani, ameharibu hesabu yote.

Pili, dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, piroksikamu na indometasini, ziwe za kumeza au za sindano. Sindano ya diklofenaki kwa ajili ya kiuno inafika tumboni vilevile, kwa njia ya damu. Ibuprofeni ina ubaya wa ziada: inakaa kwenye mlango ambao aspirini ingetakiwa kuingia ili kuzifunga chembe sahani, kwa hiyo moyo nao unakosa kinga yake.

Badala yake tumia parasetamoli, miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mzee. Kwa goti, jeli ya kupaka ya diklofenaki inaingia kidogo sana kwenye damu kuliko kidonge, nami naikubali.

Angalia pia dawa za unga za "viungo na mgongo" zisizo na lebo. Kama inaondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya saa moja, uwezekano ni mkubwa kwamba ndani yake kuna diklofenaki au predinisoloni. Usichanganye na aspirini.

Na kwa sisi wa pwani: homa kali ya ghafla na maumivu nyuma ya macho, wakati dengi inazunguka kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo na kusema "nameza aspirini". Dengi inashusha chembe sahani, na daktari ndiye wa kuamua kama uendelee.

## Hatua ya 6: Pima bakteria, kwa kipimo sahihi

Bakteria wa H. pailori ni wengi katika nchi zetu, na wao peke yao huchimba vidonda. Ukiwa nao na ukameza aspirini, umeweka moto juu ya moto. Aliyewahi kupata kidonda apimwe kwa lazima, ikiwezekana kabla hajaanza aspirini.

Kosa la kawaida ni kipimo cha damu cha kidole. Kinaonyesha askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya bakteria, nao hubaki miaka hata baada ya kupona. Matokeo yake mtu anatibiwa mara tatu ugonjwa uliokwisha. Omba kipimo cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi.

Kabla ya kipimo, omeprazoli isitumike wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo bakteria wanajificha na jibu linasema huna. Kwa aliyewahi kuvuja damu, ruhusa ya kusimamisha omeprazoli itoke kwa daktari. Pengine atakupa famotidini kwa siku hizo.

Matibabu kwa kawaida ni siku 14 za omeprazoli mara mbili kwa siku pamoja na antibiotiki. Umefaulu pale kipimo cha pili, angalau wiki 4 baada ya kumaliza dawa, kikisema hakuna kitu. Kujisikia nafuu si jibu.

## Hatua ya 7: Angalia choo kabla ya kumwaga maji

Kidonda cha aspirini mara nyingi hakiumi. Dawa yenyewe ni ya maumivu, na wazee husikia maumivu kidogo. Wengi dalili yao ya kwanza ni damu.

Nieleze kwa mama mmoja, miaka 68, ambaye alikuja dirishani siku ya soko akiegemea mkono wa mjukuu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe zile za kutafuna, na dawa ya kuongeza damu. Nikipanda ngazi moja moyo unanienda mbio."

Miaka miwili nyuma alipata kiharusi cha kuziba. Anameza aspirini 75 na amlodipini ya presha. Omeprazoli anayo, "lakini tumbo haliniumi, naziweka." Magoti je? Alitoa kwenye mkoba kipande cha pakiti ya diklofenaki, anayoinunua karibu na nyumbani, moja asubuhi moja jioni, mwezi wa pili sasa.

Nikamuuliza choo. Akanyamaza, akamtazama mjukuu, akasogea karibu na dirisha. "Cheusi. Nikadhani ni vile vidonge vyekundu vya damu alivyoniletea binti yangu."

"Kinang'ang'ania kwenye sinki?"

"Kama lami. Hata maji hayakitoi. Na harufu yake, mwanangu, si ya kawaida."

Hapo sikuuza kitu. Vidonge vya madini ya chuma kweli vinatia choo rangi nyeusi au ya kijani iliyokolea, lakini choo hicho huwa kigumu kama kawaida na harufu haibadiliki sana. Choo cha damu iliyotoka tumboni ni cheusi kinachong'aa, laini, kinanata kama lami ya barabarani, na kina harufu kali ya kuoza ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Ukiwa na shaka, chukua kuwa ni damu.

Hospitali walimpima hemoglobini ikawa 7.9. Kamera iliyoshushwa tumboni ilikuta kidonda karibu na mlango wa kutokea chakula, na kipimo cha H. pailori kilikuwa chanya. Aliongezewa damu.

Dalili zinazotaka hospitali saa hiyohiyo, hata usiku:

- choo cheusi cha kunata, au chenye damu mbichi nyingi;
- kutapika damu, au matapishi ya rangi ya unga wa kahawa;
- kizunguzungu unaposimama, kuzimia, jasho la baridi, moyo kwenda mbio;
- maumivu makali ya tumbo ya ghafla, tumbo likawa gumu kama ubao: kidonda kinaweza kuwa kimetoboka;
- kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, mdomo kupinda, mkono kulegea: hiyo inaweza kuwa damu kichwani.

Dalili za kwenda kliniki ndani ya siku mbili tatu: kuchoka kusikoeleweka, viganja na ndani ya kope kupauka, kuhema kwenye mwinuko uliokuwa unaupanda bila taabu. Damu inaweza kuvuja kidogokidogo kwa miezi bila choo kubadilika rangi. Hapa ndipo ile namba ya hemoglobini ya mwanzo inapofanya kazi. Mimi nashauri ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, na ikishuka kwa pointi 2 sababu itafutwe, isiishie kwenye kupewa vidonge vya chuma.

Fizi kutoka damu kidogo wakati wa mswaki, au alama ya bluu ukijigonga, ni kawaida kwa anayemeza aspirini. Damu ya pua isiyokatika baada ya dakika 20 za kubana si kawaida.

## Hatua ya 8: Damu ikitoka, fanya hivi

1. Mlaze mgonjwa, miguu juu ya mto. Kama anatapika, alale kwa ubavu ili asipaliwe.
2. Asile wala asinywe, hata maziwa. Hospitali watahitaji kushusha kamera tumbo likiwa tupu.
3. Aspirini ya siku hiyo isimezwe mpaka daktari aseme. Diklofenaki na jamaa zake zikomeshwe.
4. Tafuta gari au bajaji. Bodaboda hapana, akizimia njiani ataanguka.
5. Beba mfuko wote wa dawa na useme saa ya aspirini ya mwisho.
6. Nenda hospitali yenye damu ya kuongezea, na ndugu wawili wafuatane naye ikiwa watahitajika kuchangia.

Baada ya kutulia, muulize daktari swali hili kabla hamjatoka wodini: "Aspirini inarudi lini?" Watu wengi huruhusiwa wakiwa wameiogopa, hawairudii tena. Kwa wa kundi la kwanza hilo ni hatari kuliko kidonda. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa wagonjwa waliovuja damu vidondani, wote wakiwa na dawa ya asidi ya nguvu. Katika wiki nane, walionyimwa aspirini walikufa 12.9 kwa kila 100, na walioendelea nayo 1.3 kwa kila 100. Walioendelea nayo walivuja damu tena mara nyingi zaidi, lakini wengi zaidi walibaki hai. Kwa kawaida aspirini hurudishwa ndani ya siku chache baada ya damu kukatika, ikifuatana na dawa ya asidi bila kukosa. Kwa wa kundi la pili, ndiyo hapo inapokomeshwa moja kwa moja.

Yule mama alirudishiwa aspirini siku ya tatu. Alimaliza siku 14 za dawa za bakteria, na kipimo cha choo cha marudio kikasema hakuna kitu. Baada ya miezi mitatu ya vidonge vya chuma hemoglobini yake ilikuwa 12.1. Omeprazoli ataendelea nayo kwa muda wote atakaokuwa kwenye aspirini, na magoti anayapaka jeli. Mjukuu amemwandikia ratiba kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa kabati, na kila tarehe mosi ananiletea pakiti mbili tupu, nazihesabu mbele yake.